Topazi na spineli, zote namba 8: uzoefu wangu wa kuzivaa kila siku

Pete ninazozieleza hapa sikuzinunua kwa ajili ya sherehe. Nimepika nazo, nimefua nazo, nimebeba mizigo nazo, na mara nyingi nimelala nazo. Kuna ya amethisti, ya topazi ya buluu, ya spineli nyekundu na ya safaya. Zote nimezikagua kwa lenzi ya sonara inayokuza mara kumi, kwa sababu macho matupu huchelewa sana kuona kito kinavyoharibika.

Ukimwuliza muuzaji kama jiwe litadumu kidoleni, atakutajia namba ya Mohs. Friedrich Mohs, mtaalamu wa madini Mjerumani, alipanga madini kumi kwa utaratibu rahisi mwaka 1812: lile linaloweza kulikwaruza jingine hukaa juu yake. Talki ikapewa 1 na almasi ikapewa 10. Kwatzi ni 7, topazi ni 8, na 9 ni korundi, yaani jamii ya rubi na safaya. Namba hizi zinaonyesha nani yuko mbele ya nani, basi. Haziko mbali sawa kwa sawa. Almasi ikipimwa kwa vipimo vingine hutoka ngumu kuliko safaya takriban mara nne, ingawa kwenye orodha zimepishana namba moja tu.

Anayevaa pete kila siku aangalie zaidi ile 7. Vumbi la kawaida lina chembechembe za kwatzi, zilezile zinazofanya sehemu kubwa ya mchanga. Jiwe lililo chini ya 7 hukwaruzwa na vumbi kila unapolipangusa kwa nguo kavu. Lililo 7 hasa hushindana na ndugu yake, na polepole linashindwa. Amethisti ni kwatzi, na yangu imeenda hivyo. Haijapasuka wala kumeguka hata kidogo, ila ile mistari ambako pande zilizochongwa hukutana, iliyokuwa myembamba na mikali, sasa kwa lenzi inaonekana myeupe na imefifia, kama imesuguliwa kwa msasa. Uso wa juu una mikwaruzo mingi midogo. Bila lenzi unachoona ni jiwe lililopungua uhai, na kuliosha hakusaidii. Fundi anaweza kulipiga msasa upya likang'aa, kwa gharama ya kupoteza uzito kidogo. Kwa rangi yake naipenda, kwa kazi za kila siku naipa alama za wastani.

Sasa topazi. Kwa upande wa mikwaruzo, namba 8 ilikuwa ya kweli kabisa: kingo zake zilibaki kali na uso wake safi muda wote ambao amethisti ilikuwa inafifia. Siku moja niliigonga kwenye kitasa cha chuma nikifungua mlango, pigo ambalo sikulijali. Haikuwa na alama yoyote juu. Baadaye, nilipokuwa nikiiinamisha chini ya taa, nikaona rangi za upinde wa mvua zikitokea ndani ya jiwe na kupotea. Rangi za namna hiyo, zinazokuja na kwenda kwa kugeuza pembe, mara nyingi ni dalili ya ufa mwembamba ulioingiza hewa. Kwa lenzi nikauona wenyewe: bapa, ulionyooka, unang'aa kama kioo, umeanzia ukingoni karibu na kucha moja ya pete inayoshikilia jiwe na kuingia ndani hadi karibu theluthi ya jiwe.

Ubapa huo ndio unaoeleza kilichotokea. Fuwele ya topazi ina mwelekeo mmoja ambako viungo kati ya atomu ni vichache na dhaifu kuliko kwingine, ukikata fuwele kwa upana wake. Pigo likija kwa pembe mbaya, jiwe hufunguka kwenye uso huo, hata kama halikwaruziki kwa vitu vingi ulivyo navyo nyumbani. Amethisti haina mwelekeo wa namna hiyo. Ikimeguka, kipande hutoka kikiwa kimepinda na chenye mawimbi. Kwa hiyo ukikuta jeraha kwenye kito chako, litazame umbo lake kwanza. Jeraha bapa linalong'aa linakuambia kuwa jiwe limefuata njia yake ya kupasukia, na njia hiyo bado ipo kwenye sehemu iliyobaki.

Sonara niliyempelekea hakutaka hata kuiingiza kwenye mashine ya kusafishia ya mawimbi ya sauti, akasema mtikisiko unaweza kuurefusha ufa. Alisema kweli. Topazi hiyo haizibiki. Inaweza tu kuchongwa upya iwe ndogo. Nimeihamishia kwenye mkufu, ambako haigongwi na kitu.

Spineli nayo ni 8. Imevaliwa kwenye mkono uleule, ikagongwa kwenye vitasa na masinki yaleyale, na kwa lenzi kingo zake ziko sawa. Haina njia rahisi ya kupasukia, na namba 8 inaiweka juu ya vumbi. Sijui kwa nini wauzaji wengi huileta mwisho, baada ya kukuonyesha mawe mengine yote. Kama unatafuta jiwe la rangi la kuvaa bila kuvua, mimi ningeanza hapo, nikiwa na bajeti ya safaya au bila.

Safaya imefanya kama ilivyosifiwa: haina mkwaruzo. Ila sifa hiyo ni ya safaya na rubi zisizojazwa kitu. Kuna rubi za bei nafuu ambazo nyufa zake zimejazwa glasi, na glasi hiyo ni laini kuliko vumbi, tena huliwa hata na asidi nyepesi za jikoni kama maji ya ndimu. Hapo namba 9 inahusu sehemu tu ya ulichonunua. Mwulize muuzaji moja kwa moja kama jiwe limejazwa kitu, na jibu liandikwe kwenye risiti. Zumaridi ina shida inayofanana: ugumu wake ni 7.5 hadi 8, lakini nyingi zina nyufa za asili zilizotiwa mafuta, kwa hiyo mvuke na mashine ya mawimbi ya sauti ni mwiko kwake.

Tanzanaiti nimeijaribu kwa muda mfupi tu kwenye pete nikaacha. Iko kati ya 6 na 7, na pia ina mwelekeo wa kupasukia, yaani inapata matatizo ya amethisti na ya topazi kwa pamoja. Ni jiwe la hereni.

Hata almasi hupasuka, kwani ina mielekeo minne ya namna hiyo. Pembe kali za almasi ya mraba ndizo huanza kumeguka, kwa hiyo kila pembe ifunikwe na ukucha uliokunjwa kama herufi V. Kwa mawe mengine yote, ukingo wa dhahabu unaozunguka jiwe zima huzuia mapigo ya pembeni kuliko kucha nne. Na kabla ya kupangusa pete yoyote, iloweke kwanza kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, uisugue kwa mswaki laini, ili vumbi liondoke kabla nguo haijagusa jiwe.