Membreni ya lami kwa paa la slabu Dodoma: ipi uchukue, na kwa nini roli 10 hazitoshi

Mwaka jana jirani yangu wa Iyumbu alipima slabu yake, mita 12 kwa 8, akapata mita za mraba 96, akaangalia roli la membreni, ile karatasi nene ya lami ya kuzuia maji, limeandikwa mita 10 za mraba, akanunua roli 10 na akajiona ana akiba. Siku ya tatu fundi anamwambia zimebaki roli mbili na ukuta bado haujaguswa. Duka alilonunua walikuwa wamemaliza mzigo ule, basi fundi kwa huruma akaanza kubana, ile sehemu ya kulaliana ya sentimeta 10 akaifanya 4 na pale ukutani akapandisha vidole viwili tu. Mvua ya Desemba ilipoanza maji yakashukia chumba cha watoto. Membreni yenyewe haikuwa mbaya, hesabu ndo ilikuwa mbaya, kwa hiyo mimi naanza na hesabu halafu ndo tuje kwenye ipi ununue.

Roli la kawaida ni mita 1 kwa mita 10. Kila roli linalala juu ya jirani yake sentimeta 10 kwa ubavu na sentimeta 15 pale roli linapoishia na lingine kuanza. Yaani unachofunika kweli ni 0.90 mara 9.85, karibu mita za mraba 8.9. Ukilinganisha bei za maduka mawili gawanya kwa 8.9, usigawanye kwa 10.

Sasa slabu ile ya 12 kwa 8. Ukitandika kwa urefu wa mita 12, mstari wa kwanza unachukua mita nzima na kila unaofuata unaongeza sentimeta 90, ndo maana inatoka mistari 9. Kila mstari ni mita 12 na sentimeta 15 za kiungo, jumla mita 109 na ushee. Hiyo ni sakafu tu. Ukutani, parapeti, yaani ule ukuta mfupi wa ukingoni, inazunguka mita 40, na membreni inatakiwa ipande angalau sentimeta 15 juu ya usawa wa mwisho wa sakafu, mi napenda 20, halafu ishuke na kulala sakafuni sentimeta 15. Kwa hiyo unakata vipande vya sentimeta 35 kutoka kwenye roli, kila kipande ni mita moja kwa urefu na kinalaliana na mwenzake sentimeta 10, vinakuwa vipande 45, karibu mita 16. Jumla mita 125, roli 13, na moja ya kona, mabomba na makosa ya kukata. Roli 14 wakati jirani alinunua 10. Nunua zote siku moja, mzigo mmoja.

Haya, zipi. Nimezipanga kwa nyumba ya kawaida ya hapa Dodoma, jua kali mwaka mzima, baridi ya usiku mwezi wa saba, na mvua inayokuja kwa fujo kati ya Desemba na Aprili.

Ya kwanza kwangu ni APP, lami iliyochanganywa na plastiki, ya kuchoma na tochi ya gesi, ndani ina poliesta, juu ina vipande vidogo vya mawe. APP inavumilia joto kuliko SBS, ile ya lami iliyochanganywa na mpira, SBS yenyewe sifa yake ni kunyumbulika kwenye baridi na huku hatuna baridi ya namna hiyo. Yale mawe ya juu ndo yanayozuia jua kuikausha lami, na ubavu mmoja una ukanda usio na mawe ili roli lingine lishike vizuri. Angalia kitu kimoja hapa, nyingi za mawe zinauzwa kwa kilo kwa mita ya mraba, kwa hiyo ya "kilo 4" si lazima iwe ya milimita 4, maana sehemu ya uzito ni mawe. Uliza lami ni nene kiasi gani bila mawe, na mwambie muuzaji aweke roli kwenye mizani, la kilo 4.5 linatakiwa liwe kama kilo 45.

Ya pili ni APP ya milimita 4 isiyo na mawe, nayo poliesta. Ni nzuri kabisa ila usiiache uchi, inabidi uipake rangi ya fedha na kuirudia kila inapochoka, au uifunike na skridi, tabaka la mchanga na saruji, ya kuilinda. Kama unataka kuanika nguo na kukaa juu jioni, hii na skridi juu yake inashinda hata ile ya kwanza, ila iwekee kwanza plastiki ya kuitenganisha na skridi.

Ya tatu ni ya milimita 3 yenye faibaglasi. Ni rahisi, lakini peke yake juu ya slabu mimi hapana, zege likipasuka kidogo faibaglasi haivutiki kama poliesta. Itumie kama tabaka la chini tu, juu yake weka ile ya kwanza, na huo ndo mpango bora kabisa kama mfuko unaruhusu. Kuzijua: kunja kona mara kadhaa, faibaglasi inakatika, poliesta inavutika na kuonyesha nyuzi.

Ya mwisho ni zile nyembamba za kubandika zenye karatasi ya alminiamu. Za kuziba kiraka, basi.

Popote utakaponunua, chagua roli lililosimama kivulini. Lililolazwa na kupangiwa mengine juu huwa limebonyea, na halitakaa sawa kwenye slabu.

Chini ya membreni kuna skridi, na hapa watu wanakosea mteremko. Weka sentimeta 1.25 kila mita. Ukipeleka maji upande mmoja kwa mita 8 unapanda sentimeta 10, na ukianzia unene wa 3 unaishia na 13 kule juu, wastani 8, hiyo ni kama tani 15 za mchanga na saruji juu ya vichwa vyenu. Ukiweka mgongo katikati na maji yashuke pande mbili, wastani ni 5.5, karibu kyubiki 5.3, kama mifuko 40 ya saruji kwa mchanganyiko wa moja kwa nne. Karibu tani tano umeziokoa, ila uwe na matundu ya kutosha pande zote mbili. Kona ya sakafu na ukuta ijazwe mshazari, membreni ikikunjwa mraba hupasuka.

Upepo wa hapa unakausha skridi haraka sana juu na kuipasua, kwa hiyo funika na magunia na mwagilia siku 7, kisha iache ikauke wiki tatu nne. Kujua imekauka, bandika plastiki ya mita moja kwa selotepu pande zote jioni, asubuhi ukikuta matone chini yake subiri. Ukichoma juu ya unyevu, jua litaugeuza mvuke na utaona malengelenge kama ya kuungua.

Prima, ile lami nyepesi ya kupaka kwanza, lita moja inakwenda mita za mraba 4 hivi, kwa slabu hii pamoja na ukutani lita 26, ndoo mbili za 20. Mwanzo wa kuchoma ni upande wa chini ya mteremko, ili roli la juu lilale juu ya la chini. Fundi akichoma vizuri utaona uzi mwembamba wa lami umetokeza pembeni mwa kiungo, mahali ambapo haupo chomeka ncha ya mwiko, ikiingia arudie. Pale ukutani makali ya juu yaingie kwenye mfereji wa sentimeta 2 uliokatwa kwenye plasta, au yabanwe na ukanda wa alminiamu wenye skrubu na gundi ya kuzibia inayoshikana na lami juu, maana kwa jirani ndiko maji yalikoingilia, nyuma ya vile vidole viwili.

Kabla hujamlipa fundi, ziba matundu, jaza maji mpaka yafike kimo cha sentimeta 5 pale chini, acha siku nzima, halafu shuka ndani na tochi ukague dari.