Uzoefu wangu: nilivyopeleka gumzo la siku tisa steshenari ya Majengo, nikarudi na mpango wa kurasa mbili

Mwezi wa nne tuliamua kuingia kwenye biashara ya alizeti, watu wanne: mimi, shemeji yangu, mwalimu mmoja mstaafu ninayesali naye, na mjomba anayeishi Kibaigwa. Sisi watatu tuko Dodoma mjini, na mjomba hapendi safari. Kwa hiyo kila kitu tulikipanga kwenye kundi la WhatsApp, siku tisa mfululizo, wakati mwingine hadi saa sita usiku. Siku ya tisa tulikuwa tumeelewana. Shida ikawa kwamba hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika tumeelewana nini.

Shemeji alijitolea kuandika. Alileta ukurasa mmoja safi, na kwa mujibu wake tungepata faida nzuri kuliko tulivyotarajia. Mwalimu akausoma mara mbili, akasema, "Shemeji yako hajadanganya, lakini kuna hela humu sijui imetoka wapi." Tukashindwa kuipata. Ndipo nikaenda kwa dada mmoja mwenye steshenari karibu na Soko la Majengo, ambaye mbali na kuchapa barua na katiba za vikundi, huwa anapokea mazungumzo kama yetu na kuyageuza mpango. Alinitoza shilingi 40,000, akasema siku mbili. Zikawa nne.

Nilidhani kazi yake ni kufupisha. Nilimtumia faili la gumzo lote kwa ile njia ya `Export chat`, akalifungua, akalitazama kidogo, kisha akaniomba nikae pale na simu yangu mkononi. Nikamuuliza ya nini, na mazungumzo yote anayo. Akanionyesha siku ya tano. Mwalimu ameandika, "Tununue magunia 120." Chini yake mjomba ameandika, "Sawa." Ukisoma faili, mjomba amekubali 120.

Akaniambia nitafute ujumbe uleule kwenye simu. Kwenye simu, ile "sawa" ya mjomba ilikuwa imenukuu ujumbe wangu wa juu zaidi, niliosema magunia 100, na mimi na shemeji tulikuwa tumeshauwekea dole gumba. Faili halibebi nukuu, wala halibebi dole gumba. "Sawa" inabaki inaning'inia, ikimwangukia yeyote aliye juu yake. Pendekezo la mwalimu halikujibiwa na mtu, ndiyo maana yeye mwenyewe alikuwa hajui lilikufa au liko hai. Tulikuwa na "sawa" kumi na saba, na tulizipitia moja moja. Nne zilikuwa zinajibu kitu kingine kabisa kuliko faili lilivyoonyesha. Kwangu mimi saa mbili zile ndizo zilizolipa ile 40,000.

Hela ya mwalimu tuliipata siku iliyofuata, na hapa naomba nieleze taratibu kwa sababu nadhani wengi wanaumia kwa kosa hilihili.

Hatuna mashine ya kukamua mafuta. Siku ya pili tulikubaliana tukamulishe kwa mwenye kinu huko Kibaigwa, naye abaki na mashudu yote badala ya kututoza. Siku ya saba tukabadilisha: tumlipe shilingi 6,000 kwa gunia, mashudu tuchukue wenyewe tuwauzie wafugaji wa kuku. Shemeji aliandika uamuzi wa siku ya saba kama inavyotakiwa, na mauzo ya mashudu akayaweka kwenye mapato: kilo 4,000 kwa shilingi 400, yaani 1,600,000. Lakini jedwali la matumizi alikuwa ameliandaa siku ya tatu, na siku ya tatu kukamulisha kulikuwa bure. Kwa hiyo kwenye mpango wake mwenye kinu hakupewa mashudu na hakupewa hela. Magunia 100 mara 6,000 ni laki sita. Hiyo ndiyo ile hela isiyojulikana imetoka wapi.

Dada wa steshenari aliikamata bila hata kupiga hesabu. Kila njia tuliyoiacha aliiandika kwenye karatasi ya pembeni, kisha akauliza swali moja: hii ilikuja na nini? Njia ya mashudu kwa mwenye kinu ilikuja na gharama sifuri. Kama njia imetoka, na ile sifuri itoke. Vivyo hivyo kununua mashine, ambako tulikuacha siku ya sita kwa sababu kiwanja cha shemeji kule Nala hakina umeme wa njia tatu. Mashine ilikuwa imekuja na mchango wa milioni mbili na nusu kila mtu. Mashine imeondoka, mchango umeshuka kuwa milioni mbili, lakini kwenye karatasi ya shemeji ratiba ya kulipa michango ilikuwa bado ya ile ya zamani.

Sasa kasoro, na si ndogo. Mjomba akichoka kuandika hutuma sauti, na akinogewa huingia kwenye Kigogo. Dada huyu si mtu wa huku, Kigogo hakisikii, na hakuniambia kwamba sauti mbili amezipita. Akaandika: "Magunia yatahifadhiwa kwenye ghala la mjomba." Nilipomsomea mjomba rasimu kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilisema hadi mwisho wa mwezi wa saba. Baada ya hapo mahindi yangu yanaingia." Ni kweli alisema, dakika nzima ya Kigogo, na sisi tuliomwelewa tulijibu "sawa" tukaendelea. Sharti lile lilibadilisha ratiba yote ya kukamulisha, maana tulikuwa tumepanga kusubiri hadi mwezi wa tisa bei ya mafuta ipande. Alirekebisha bila kudai nyongeza na aliomba radhi, lakini ukienda kwake, zile sauti za kilugha zitafsiri wewe mwenyewe kwanza, uzichape, uzipeleke pamoja na faili. Na usikubali kuchukua rasimu kabla kila mwenzako hajasomewa.

Jambo lingine tulivutana naye. Yeye kwenye mpango hataki kabisa kuona kilichoachwa. Anasema mtu wa benki au wa saccos akikuta "tulifikiria kununua mashine" atauliza mashine iko wapi. Mwalimu alinung'unika kuwa mwakani shemeji atarudi na mashine yake tuanze upya siku tisa nyingine. Mwisho nilimuongeza shilingi 5,000, akatuchapia karatasi ya pili ya kukaa kwetu wenyewe tu: tulichoacha, sababu, na kitu gani kikibadilika ndipo tukirudie. Mstari wa mashine unasema: umeme wa njia tatu ukifika Nala. Mimi karatasi hiyo naithamini kama mpango wenyewe, na sioni kwa nini asiitoe kwa kila mteja.

Ningemtumia tena, ila ningemtengea wiki nzima badala ya siku mbili.

Alitoa nakala nne, kila moja ina saini nne. Ya mjomba ilienda Kibaigwa kwa basi la jioni. Nilipofika kwake wiki iliyopita niliikuta imebandikwa mlangoni mwa ghala, na yale maneno "hadi mwisho wa mwezi wa saba" ameyapigia mstari kwa kalamu ya bluu.