Kaunta buku au Excel mapokezi: beji ipi haijarudi?

Ofisi yetu hapa Mbeya mjini tumetumia zote mbili. Kaunta buku haijali umeme kukatika, mgeni anajiandika na kusaini, ila muda wa kutoka ndo unaachwa wazi kila siku, na jioni beji namba 7 ikikosekana unafunua kurasa zote manake asubuhi alipewa mmoja akarudisha, mchana kapewa mwingine.

Excel unachuja tu safu ya "beji imerudi" iliyo tupu, unaona nani bado yuko ndani au kaondoka nayo. Tena mgeni hasomi namba za simu za waliomtangulia.

Mi nachagua Excel, daftari libaki akiba ya umeme ukikatika, na muda wa kutoka uandikwe beji ikishafika mkononi, sio kabla.