Uzoefu wangu na bluzi ya sumaku na gauni la mgongo wazi kwa mama aliyepata kiharusi

Habari zenu, niliahidi kuandika hii tangu mwezi wa tatu nikawa naahirisha, leo mtoto kalala ngoja niandike. Mama yangu alipata kiharusi mwaka jana, upande wa kushoto ukalegea, mkono ndo haufanyi kazi kabisa, na mi nilikuwa na mimba ya miezi sita nakaa nae hapa Nkuhungu, Dodoma. Sasa kumvalisha mama gauni la kawaida la kupitisha kichwani maana yake unamnyanyua, unavuta nguo chini ya makalio, unamnyanyua tena, na mi klinik washaniambia nisibebe vitu vizito. Asubuhi ilikuwa nusu saa nzima ya jasho na mama analia kwa sababu bega lile bovu ukilivuta tu linauma.

Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni Dar, mzigo ukaja na basi nikaufata stendi ya Nanenane. Vitu vitatu: bluzi ya sumaku, gauni la mgongo wazi (msinicheke, sio lile la harusini 😂) na suruali yangu ya mimba.

Naanza na gauni maana ndo limenisaidia kuliko vyote. Ukiliona kwa mbele ni gauni la kawaida, kola, mikono, maua madogo madogo, hujui kitu. Nyuma sasa limepasuliwa kuanzia shingoni mpaka chini, na zile pande mbili ni pana, zinapandana mgongoni, ya juu inavuka mpaka bega la pili na inafungwa pale begani kwa vifungo viwili vya kubonyeza, vile vinavyolia tak. Mama anakaa tu kwenye kiti chake cha magurudumu, naanza na mkono mgonjwa, naingiza kiganja changu kwenye mkono wa nguo kutokea nje naushika mkono wake naupitisha taratibu mpaka begani, afu mkono mzima anaingiza mwenyewe. Anainama mbele kidogo, nalaza upande mmoja, nalaza wa pili juu yake, tak tak, tumemaliza. Huku chini zile pande nazisogeza pembeni ya mapaja, hakalii kitambaa hata kidogo. Dakika tano. Kuvua ni kinyume, mkono mzima unatoka kwanza, mgonjwa wa mwisho, huo mpangilio tulifundishwa na kaka wa mazoezi ya viungo na unafanya kazi kwa nguo yoyote ile.

Hilo la kutokalia kitambaa msilichukulie poa. Mtu anayekaa kutwa bila kujigeuza, mkunjo mmoja wa nguo chini ya makalio unatosha kuanzisha kidonda.

Jambo la kwanza mama aliloniuliza alipovaa, kwa sauti yake ile nzito ya siku hizo, ni "mgongo hauonekani?" Nikampiga picha kwa nyuma nikamwonyesha. Akaangalia muda mrefuuu akasema haya nipeleke kanisani. Watu walivyokuja kumsalimia, mbukwenyi mbukwenyi, hamna aliyejua.

Kwa kuwa bei ilikuwa kubwa nikanunua kitenge nikampelekea fundi soko la Majengo anikopie mengine mawili. La kwanza aliharibu na sio kosa lake, sikumwelekeza vizuri. Kabana kitambaa, pande zikapandana vidole vinne tu, mama akiinama mgongo wote nje, siku hiyo hakutaka kula. Na vifungo kaviweka katikati ya uti wa mgongo, mama alivyolala mchana nikakuta alama mbili za duara kwenye ngozi. Kwa ngozi zetu nyeusi usisubiri kuona wekundu, angalia pamekuwa peusi zaidi au la, gusa kama pana joto au pagumu, afu ondoa mgandamizo uone kama alama inapotea. Za mama zilipotea baada ya muda nikashukuru. Gauni la pili nikamwambia fundi kila upande uvuke katikati ya mgongo ufike karibu na kwapa la pili, vifungo juu ya bega tu, na mshono wa nyuma alaze usiwe na kinundu. Kitambaa kinaliwa zaidi lakini likatoka safi kuliko lile la dukani.

Bluzi ya sumaku. Kwa nje ina vifungo sita vya urembo, havifungui chochote, nyuma ya kila kimoja kuna kisumaku kimeshonewa ndani kati ya vitambaa viwili. Mama anasogeza upande mmoja kwa mkono wake wa kulia, inajibana yenyewe, kufungua anabandua kuanzia juu. Yaani kitu cha kwanza kufanya mwenyewe tangu augue ndo hicho.

Ila kasoro ipo na muuzaji hakuniambia. Kifuani inaachia. Akicheka au akikohoa, pwaa, imefunguka. Nilikaa nayo nikaichezea nikaelewa, sumaku ukizivuta moja kwa moja zinashika kweli, ila ukizitelezesha pembeni zinaachia kirahisi, na bluzi ikibana kifua kinavuta pembeni. Pia hapo katikati waliweka kitambaa kinene, na sumaku zikitenganishwa hata kidogo nguvu inashuka sana. Kwa hiyo chukua saizi moja juu, na ukiipokea mkalishe mtu, ainame, akohoe, ndo ujue.

Kufua: funga sumaku zote kwanza. Yetu ilianguka kutoka kwenye kamba na ule upepo wetu wa Dodoma, nikaiokota ina ndevu nyeusi kila palipo na sumaku, ni chembe za chuma za kwenye mchanga, nikatoa na selotepu moja moja. Pasi ya mkaa usipitishe juu yake kabisa, hizi sumaku ndogo zenye nguvu, nyingi zake zinaanza kupoteza nguvu kwenye nyuzi 80 hivi, na dada wa kazi alishaipitisha, cha nne kutoka juu sasa hivi kinashika kama kinabembelezwa. Kingine kilichomoka nikakikuta kwenye beseni, nikakificha haraka, mtoto akimeza viwili vinavutana ndani vinabana utumbo, hiyo ni ya kupasuliwa. Na mwenye betri ya moyo asivae, hata wewe unaemvalisha kama unayo, sumaku zinatakiwa zikae mbali nayo kama sentimita 15.

Suruali yangu nafupisha. Jinzi, ila juu kuna kitambaa laini cha kuvutika kinapanda mpaka chini ya matiti. Miezi ya mwanzo tamu sana, ila mwezi wa kumi na moja na lile joto nilikuwa nakikunja chini ya tumbo. Panapowasha ni ule mshono wa kitambaa na jinzi. Kabla hujanunua kivute ukiachie, kikirudi kinalegalega achana nayo.

Kwa kumi, gauni nalipa alama tisa, bluzi sita, suruali saba. Mama kaniagiza kitenge kingine, anataka la kuvaa kwenye ubatizo wa mjukuu, na kasema fundi aweke mfuko upande wa kulia, wa kushoto hana kazi nao.