Mshika ufunguo anayechelewa: umwambie faraghani au useme kikaoni?

Sanduku la kikundi cha hisa lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Mmoja akichelewa, halifunguki, na wote hungoja. Tuseme kikao ni saa 10:00 jioni, naye hufika saa 10:40.

Kumwendea faraghani kunalinda heshima yake, na ndiko kunakoleta sababu. Mwambie: "Dada, sanduku halifunguki bila ufunguo wako, na wiki tatu hizi tumeanza saa 10:40. Saa 10:00 inakukalia vipi?" Umetaja ufunguo na saa, hukutaja tabia. Epuka "kila siku unachelewa". Hapo atajitetea tu. Pengine atajibu kwamba wateja wake wa samaki huisha saa 10:20. Basi ufunguo apewe mwanachama mwingine, mradi watatu wasiwe wa nyumba moja, au saa isogezwe. Ugumu wa kumwendea faraghani ni kwamba lazima umfuate mapema, si mlangoni akiwa anahema, na huenda ukarudia.

Kusema kikaoni ni kwepesi, na kunafaa wachelewaji wakiwa wengi: "Jamani, saa 10:00 bado inatufaa?" Lakini akiwa peke yake, macho yote yatamgeukia, na lile swali la upole litakuwa shutuma. Faini ya katiba ya kikundi haizuii mazungumzo haya; ila akilipa kila wiki bila kuwahi, jua kikwazo chake bado hamjakiuliza.

Kama ni mkubwa wako kwa umri, mtume mwenzake wa rika aanze.