Jinzi za 501 za mtumba: ipi ununue kwanza, na maneno gani ya muuzaji usiyameze

Gikomba bale ikifunguliwa asubuhi wachuuzi wanachagua haraka, safi kabisa inaitwa fasti kamera, zenye kasoro kidogo sekondi kamera, na mabaki ya jioni ndo fagia. Sasa shida ni kwamba kamera inakwambia hali ya nguo tu, haikwambii umri wala kitambaa, na hapo ndipo muuzaji anaongezea "vintej" kwa bei mara mbili.

Mimi Levi's 501 nazipanga hivi.

Namba moja ni ya pamba tupu, lebo ya ndani imeandikwa imetengenezwa Marekani, hata kama ni sekondi kamera. Juzi jamaa aliniambia yake ni ya miaka ya sabini, anataka 1,500. Nikaigeuza ndani nje. Kile kilebo chekundu cha mfuko wa nyuma kilikuwa na e ndogo, hiyo ilianza 1971, kabla ya hapo ilikuwa E kubwa (ila kuna matoleo ya kuiga zamani ya Levi's wenyewe yana E kubwa pia, so usiruke juu). Nikacheki mshono wa nje wa mguu, hakuna ule ukingo mweupe wenye uzi mwekundu, na ukingo huo uliondoka katikati ya miaka ya themanini. Nyuma ya kifungo cha juu kuna 555, kiwanda cha Valencia Street, San Francisco, kilichofungwa 2002. Basi hiyo ni ya katikati ya themanini mpaka hiyo 2002, si sabini. Nikamwonyesha kifungo, akacheka, nikaondoka nayo kwa 800.

Namba mbili ni mpya mpya za fasti kamera, pamba tupu, haijalishi imeshonwa wapi. Hazina hadithi lakini zinavalika miaka.

Namba tatu zile zenye mpira kwenye kitambaa. Hapa usiamini kamera kabisa, jinzi inaweza kung'aa kama mpya na mpira ushakufa. Vuta goti kwa vidole viwili uachie, likibaki limefura kama mfuko rudisha, maana hakuna fundi wa kurekebisha hiyo.

Fagia nunua tu kama unakata kaptula.

Ukiona kilebo chekundu hakina jina, kina ile R ya duara pekee, usikimbie ukidhani ni feki, Levi's wenyewe hutoa baadhi hivyo makusudi. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mapajani, pale miguu inasuguana. Inua juu ya mwanga, ukiona jua linapenya hiyo itapasuka ukichuchumaa mara ya kwanza, na wauzaji wengi huikunja ili sehemu hiyo isionekane.

Saizi ya lebo isome kwa shaka, nyingine zilisharuka kwa kufuliwa. Zungusha kiuno shingoni kama kawaida, halafu uliza kama kuna pazia la kujaribia.