Nyota mbili kwa zana iliyogeuza uzi wa jinzi kuwa bluu

Nilianza na nyota moja kwa zana hii ya kuhariri picha kwa maelekezo ya maandishi. Ya pili nimeiongeza kwa shingo upande, na bado naweza kuifuta.

Kazi yenyewe: picha ya mtu aliyesimama, kavaa jaketi na suruali ya jinzi mpya iliyokolea nili, igeuzwe ionekane imefuliwa kwa mawe hadi ikapauka. Maelekezo ya kwanza yalikuwa mafupi: "jinzi ipauke, ionekane imechakaa." Iliyorudi ni aibu. Uzi wa dhahabu wa mishono umekuwa bluu, ribiti, zile pini za chuma za mifukoni, zimegeuka vidoa vya manjano, na kila paja limepakwa weupe kama unga, kushoto sawasawa na kulia. Kwenye mfuko mmoja mistari miwili ya mshono inaingia chini ya mkono wa mtu na haitokei upande wa pili!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu: "Jaribu kuandika kwa undani zaidi." Basi. Hata picha hawakuifungua.

Haya, undani nikaupeleka. Nili ya jinzi haizami hadi kiini cha uzi, inakaa juujuu, na ni nyuzi za mtande tu, zile za urefu, zinazotiwa nili; za mshindio, zinazokatiza, zinaachwa nyeupe. Kwa hiyo jinzi hupauka pale inaposuguliwa, si popote. Ukisema "imechakaa", mashine inamwaga weupe inakotaka. Itajie mahali:

"Badilisha nili ya kitambaa tu. Ipauke zaidi kwenye matuta ya mishono, kingo za mifuko na magoti. Ibaki imekolea kwenye vibonde vilivyo kando ya mshono. Mikunjo iliyopauka ianzie karibu na zipu kuelekea nyonga, upande mmoja usifanane na mwingine. Uzi ubaki wa dhahabu iliyofifia, mistari miwili sambamba. Usiguse ribiti wala vifungo."

Na ribiti usiitaje bila mahali pake. Jacob Davis na Levi Strauss walipopata hataza yao ya suruali zenye ribiti mwaka 1873, hoja ilikuwa kukaza sehemu zinazochanika, hasa pembe za mifuko. Kwenye suruali zitaje hapo, pamoja na kile kimfuko kidogo. Kwenye jaketi la kawaida sema "vifungo vya chuma" peke yake. Ukitaja ribiti utaletewa kifua kilichojaa vidoa.

Rangi ikakaa vizuri, nakiri. Matuta ya mishono yalipauka kama ya kweli. Lakini ribiti? Vidoa vilevile. Uzi? Mstari uliochorwa kwa kalamu.

Hapo ndipo hasira ilipopanda, maana kosa halikuwa kwenye maneno. Picha ya asili ina urefu wa pikseli 4000, na zana inaishusha kimyakimya hadi 1024. Mtu wa sentimita 180 akijaza urefu huo, pikseli moja inabeba karibu milimita 2 za nguo. Ribiti ya milimita 9 inapata pikseli 5. Pigo moja la sindano kwenye mshono, milimita 3 hivi, halifikishi hata pikseli 2. Andika undani wa kurasa kumi, duara halichoreki kwa pikseli 5. Aliyenijibu angeniambia hilo kwa sentensi moja.

Dawa ni kukata. Kutoka kwenye picha ya asili nilikata mraba wa pikseli 555, ambao ni kama sentimita 25 za suruali kuzunguka mfuko wa mbele, nikaukuza hadi 1024 na kuupeleka peke yake na maelekezo yaleyale. Sasa ribiti ina pikseli zaidi ya 35. Ukirudisha kipande, punguza hadi 555 na ufifize kingo zake kama pikseli 40, na usikate juu ya makutano ya mishono, maana hapo ndipo mistari hukosa kukutana.

Kisha kuza uangalie. Uzi wa kweli unakibonyeza kitambaa: kila pigo limekaa kwenye kibonde chake chenye kivuli kidogo, na kati ya pigo na pigo kitambaa kimevimba. Mstari usio na vibonde umepakwa rangi tu. Tazama pia ile mistari ya mshazari ya kitambaa: ikikatika au kubadili mwelekeo ndani ya kipande kimoja cha nguo, rudia. Na rudia kutoka picha ya asili, usiilishe zana matokeo yake yenyewe, kwa sababu kila mzunguko unalainisha kitambaa hadi kifanane na plastiki.

Kimfuko kidogo kilitoka kizuri mno: ribiti mbili za shaba, kivuli chembamba chini ya kila moja, na nili iliyokolea kuzizunguka kama inavyotakiwa. Nyota ya pili ni ya hicho kimfuko. Ila suruali na jaketi vimekula vipande 14, kila kimoja kikilipiwa kama picha nzima, na hakuna sehemu wanakosema kwamba picha inashushwa. Kwa picha nzima kwa mkupuo mmoja, ni nyota moja, na hiyo moja ni ya rangi tu.